Kipanya Kilichosimama na Kibodi Iliyopasuliwa

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, Kariakoo au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, siku hizi unaweza kukuta rafuni kipanya kilichosimama wima kama pezi la papa. Muuzaji akikuona unasugua mkono atakishusha na kukuapia kwamba kinaponya. Kibodi iliyopinda katikati, au iliyokatwa vipande viwili kabisa, ni adimu zaidi, na bei yake humtoa mtu jasho. Vyote viwili ni vifaa vya kweli, na wapo waliopata nafuu kwavyo. Ila hakuna kati yake kinachotibu maumivu. Kinachofanywa na kila kifaa ni kupunguza mkunjo fulani wa mkono, na mkunjo huohuo tu. Kama mkono wako unaumizwa na mkunjo mwingine, utakuwa umenunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Mikunjo yenyewe ni mitatu, na unaweza kuijua kwa kujiangalia hapo ulipoketi. Simama kidogo, achia mikono yote miwili ining'inie bila kuikaza. Utaona viganja vinatazama mapaja, na mgongo wa kiganja umenyooka na kigasha, yaani ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Huo ndio mkono uliopumzika. Sasa keti uweke mikono kwenye kibodi ya kawaida. Kwanza viganja vimelazimika kugeuka vitazame chini, na ili hilo litokee mifupa miwili ya kigasha imepandana. Tuuite msokoto. Pili, kwa kuwa herufi zote zimerundikana katikati na mabega yako ni mapana kuliko herufi hizo, vigasha vinaingia ndani kwa mshazari halafu viganja vinapinda kwenda nje, upande wa kidole cha mwisho, ili vidole vilingane na mistari ya vitufe. Huo ni mkunjo wa pembeni. Tatu, kama kibodi imeinuka nyuma, au umelaza kifundo mezani huku vidole vikipanda kutafuta vitufe, mgongo wa kiganja unainuka kuelekea kwako. Huo ni mkunjo wa juu, na ndio ninaoutilia shaka kuliko mingine, maana ndio watu wengi wanao bila kujua.

Kwa nini mkunjo uume? Misuli mingi inayosogeza vidole haikai kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, na inavivuta vidole kwa kano, nyuzi ngumu zinazopita kifundoni. Upande wa kiganja, kano tisa hupita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu katika njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa kwa chini na utando mgumu kwa juu. Kifundo kikinyooka, njia hiyo ina nafasi. Kikipinda sana juu au chini, shinikizo ndani yake linapanda. Upande wa mgongo wa mkono ziko kano zinazoinua vidole, na hizo hufanya kazi muda wote ambao kiganja kimeinuliwa au kidole kinaelea juu ya kitufe kikisubiri kubonyeza. Misuli inayozivuta imejishikiza karibu na kiwiko, upande wa nje. Ndiyo maana mtu analalamika kwamba kifundo kinauma, na ukimbonyeza kidogo chini ya kiwiko anaruka.

Kabla ya kufika dukani kuna jambo la kutenga. Ukiamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, ukikung'uta mkono ndipo vinarudi, hiyo ni dalili ya mshipa kubanwa katika ile njia nyembamba. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mshipa unaobanwa ni mwingine, na mara nyingi ubano uko kiwikoni. Ukianza kuangusha vikombe, au nyama ya chini ya kidole gumba ikaonekana kupungua, nenda hospitali, usianze na kibodi. Kubanwa kwa mshipa huu huwapata pia wajawazito, wenye kisukari na wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Na kwa ganzi ya usiku, bandeji ngumu ya kunyoosha kifundo wakati wa kulala ni ya bei nafuu kuliko kipanya chochote kizuri, na kwa wengi husaidia zaidi.

Sasa kwa wale waliobaki, ambao mkono unachoma au kukaza jioni na kutulia siku za mapumziko.

Shemeji yangu mmoja ni mhasibu katika ofisi ya wakala wa forodha, Dar es Salaam. Kutwa yuko kwenye jedwali la Excel na mfumo wa ankara, mkono wa kulia ukitoka kwenye tarakimu kwenda kwenye kipanya na kurudi. Alinipigia: "Shem, wamenishauri ninunue kile kipanya cha kusimama. Nikichukue?" Nikamwambia asinunue kitu kwanza. Amwombe mwenzake wa meza ya jirani ampige picha mbili kwa simu, moja kutoka juu ya bega na moja kutoka ubavuni usawa wa meza, na azipige bila taarifa, kazi ikiwa imepamba moto. Mtu anayejua anapigwa picha huketi kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Anayesaka kosa la shilingi elfu kumi na mbili kwenye hesabu za mwezi huketi kama anavyoketi kila siku.

Picha ya ubavuni ilionyesha mambo mawili. Kiti kilikuwa kifupi kwa meza, kwa hiyo viwiko vilikuwa chini ya usawa wa meza na ukingo wa meza ulikuwa unabonyea kwenye kifundo. Na vile viguu viwili vya nyuma ya kibodi vilikuwa vimesimamishwa. Sijui nani alitushawishi kwamba viguu vile ni vya afya. Kazi yake ni kuinua mistari ya nyuma ili vitufe vionekane vizuri zaidi, na gharama yake ni mkunjo wa juu kwa kila neno unaloandika. Picha ya kutoka juu ilionyesha jingine. Kibodi yake ilikuwa ndefu, yenye tarakimu upande wa kulia, kiasi cha sentimita 45 kutoka ukingo hadi ukingo. Kipanya kilikuwa kimesukumwa nje ya hizo tarakimu, mkono umenyooshwa mbali na mwili, na kidole cha shahada kikiwa kimeinuka hewani juu ya kitufe. Maumivu yake hayakuwa na ganzi. Yalikuwa mgongoni mwa kifundo na chini ya kiwiko, upande wa nje. Yaani, palepale ambapo misuli ya kuinua vidole na kiganja inaanzia.

Angalia basi jinsi kifaa alichoshauriwa kilivyokuwa kinakosa sehemu kubwa ya tatizo. Kipanya kilichosimama kisingeondoa viguu vya kibodi, wala kisingepandisha kiti, wala kisingejileta karibu na mwili.

Tulianza na visivyo na gharama. Viguu vikakunjwa. Kiti kikapandishwa kwa mto mgumu mpaka viwiko vikawa usawa wa meza au juu kidogo, na kwa kuwa miguu sasa ilikuwa inaning'inia, ikawekewa rimu mbili za karatasi. Kibodi ikasogezwa kulia au kushoto? Watu wengi huweka katikati ya kibodi nzima mbele ya tumbo, na hilo ni kosa kwa kibodi ndefu, kwa sababu katikati ya herufi ni mahali G na H zinapokutana, na mahali hapo pako kushoto zaidi. Herufi ndizo zinazopaswa kuwa mbele ya kitovu. Lakini ukiisogeza kibodi kulia ili herufi zije katikati, tarakimu zinakisukuma kipanya mbali zaidi. Hapo ndipo unaona kwamba tatizo la kipanya mara nyingi ni tatizo la kibodi.

Kuna jambo moja zaidi la bure, nalo hupuuzwa: mwendo wa kishale. Katika mipangilio ya kompyuta, mahali pa kipanya, kasi ya kishale ikiwa ndogo mtu hulazimika kufagia meza ili kuvuka skrini. Anayefagia huku amelaza kifundo mezani anapinda kifundo kwa pembeni kila anapokwenda ukingo wa kulia. Ongeza kasi mpaka uweze kuvuka skrini kwa msogeo mfupi wa kigasha kizima kutoka kiwikoni, ila usiongeze mpaka unashindwa kulenga kisanduku kidogo, maana kulenga kwa wasiwasi nako hukaza mkono.

Hapo nieleze kwa nini ninamwangalia kipanya kwanza kabla ya kibodi. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wafanyakazi wa ofisini. Walichokuwa wanatafuta ni dalili za ule mshipa kubanwa. Matumizi ya kibodi hayakuonyesha uhusiano wa kuaminika na dalili hizo. Kipanya, kwa waliokitumia zaidi ya saa 20 kwa wiki, kilionyesha, ingawa hatari yenyewe haikuwa kubwa. Haina maana kwamba kibodi haimuumizi mtu. Ina maana kwamba mwenye mkono wa kulia mbovu na wa kushoto mzima, huku akichapa kwa yote miwili, anayo sababu ya kujiuliza mkono wa kulia unafanya nini ambacho wa kushoto haufanyi.

Sasa, kipanya chenyewe. Kipanya kilichosimama kinageuza kiganja kielekee kule kilikokuwa kinatazama mkono ulipoachiwa uning'inie. Hakisimami nyuzi 90 kamili. Kile cha Logitech cha MX Vertical, kilichotoka 2018, kimelalia nyuzi 57, na vingi vya bei rahisi vinakaribia hapo. Faida yake kubwa ni kwenye msokoto. Faida ya pili huonekana kwa watu kama shemeji yangu: kwa kuwa vidole vimelala ubavuni mwa kipanya, kidole cha shahada hakina haja ya kuelea hewani dhidi ya uzito wake. Na kwa kuwa kifundo kimesimama kwa ubavu, kukipindisha kulia na kushoto kunakuwa kugumu, kwa hiyo mkono unaanza wenyewe kusogea kutoka kiwikoni na begani.

Upande wa pili nao usifichwe. Mwaka 2015 Annina Schmid na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu watu ambao tayari mshipa wao ulikuwa unabanwa. Walipima shinikizo ndani ya ile njia nyembamba wakati mtu anatumia kipanya cha kawaida, kipanya kilichosimama, na vitanda vya kuegemeza kifundo. Kipanya kilichosimama kilipunguza mkunjo wa pembeni, kama watengenezaji wanavyosema. Shinikizo halikupungua. Kwa hiyo mwenye ganzi ya vidole vitatu asikitarajie kifanye kazi ya daktari, wakati mwenye maumivu ya kigasha na mgongo wa kifundo anaweza kukijaribu kwa matumaini ya haki.

Kinaweza pia kuhamisha maumivu. Ukibonyeza kitufe cha kipanya cha kawaida unakibonyeza kuelekea meza, na meza inakipokea. Ukibonyeza kitufe cha kipanya kilichosimama unakisukuma pembeni, na kinachokizuia kisiteleze ni kidole gumba. Kitufe kikiwa kigumu, gumba linafanya kazi mara mia kadhaa kwa siku bila kupumzika. Mtu ambaye maumivu yake yako upande wa gumba, penye zile kano zinazojitokeza unapolinyoosha, asikimbilie kipanya hiki. Na asikaribie kabisa kile chenye mpira unaozungushwa kwa gumba. Kujipima ni rahisi: kunja gumba ndani ya ngumi, halafu pindisha ngumi taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Maumivu makali chini ya gumba yanaonyesha hizo kano zimevimba, ingawa kila mtu huhisi mvuto kidogo, kwa hiyo linganisha na mkono wa pili.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni saizi. Pima kutoka kwenye mstari wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Logitech, ambao wanauza saizi mbili, wanakitenga kile kidogo, Lift, kwa mikono isiyofika sentimita 19. Mkono mdogo kwenye kipanya kikubwa hauwezi kuegemea mezani na kufikia vitufe kwa pamoja, kwa hiyo mtu anakikamua kwa nguvu ili asianguke, na kifundo kinapinda juu kutafuta kitufe. Dukani, kishike kana kwamba unafanya kazi. Ubavu wa kiganja ugusе meza, vidole vifike vitufe bila kujinyoosha, gumba likae kwenye shimo lake bila kubana. Zungusha na gurudumu, maana kwenye vipanya vingine liko mbali mno na kidole. Ukishindwa mojawapo, mrudishie mwenye duka. Na uangalie ni cha mkono gani: hiki si kifaa cha kuhamisha kwenda mkono wa kushoto ukichoka, kimefinyangwa kwa mkono mmoja.

Wiki ya kwanza kishale kitakutoroka. Kulenga kwa kigasha ni kwa kishamba ukilinganisha na kulenga kwa vidole, na mchora ramani au mhariri wa picha huenda akaudhika moja kwa moja. Wengi wa hao huweka vipanya viwili mezani, kilichosimama kwa kazi za kawaida na cha zamani kwa kazi ya kulenga. Sioni ubaya wake.

Tuje kwenye kibodi. Kuipasua kibodi ni wazo la zamani kuliko kompyuta. Klockenberg, Mjerumani, alilipendekeza kwa mashine ya chapa mwaka 1926, na Karl Kroemer akalirudia 1972 baada ya majaribio yake. Watu wengi waliiona kwa mara ya kwanza mwaka 1994, Microsoft ilipotoa Natural, ile kibodi nyeupe iliyopinda kama imeyeyuka juani. Hiyo na jamaa zake wa leo ni kipande kimoja: herufi za kushoto na za kulia zimegeuzwa kwa pembe ili zilingane na vigasha vinavyoingia kwa mshazari, na katikati pameinuka kidogo. Inalenga mkunjo wa pembeni hasa, na msokoto kwa kiasi.

Aina ya pili ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa waya, au visivyo na waya kabisa, kama Freestyle ya Kinesis. Hapa unaweza kuweka kila kipande mbele ya bega lake, vigasha vikaenda mbele moja kwa moja. Vingi vina viguu vya ndani vinavyoinua upande wa gumba, mwinuko kama wa paa la nyumba. Nyuzi 10 hadi 15 zinawatosha watu wengi. Ukipandisha zaidi bila egemeo la viganja, mikono inateleza kushuka na mabega yanafanya kazi ya kuizuia. Na neno kuhusu maegemeo yenyewe: ni ya kupumzikia kati ya sentensi, na yanapaswa kubeba kitako cha kiganja, siyo kifundo. Anayechapa huku amekandamiza kifundo kwenye egemeo anabonyeza palepale mshipa unapopita.

Je, zinasaidia? Ushahidi ninaoupenda ni wa mwaka 1999, wa Tittiranonda, Rempel na wenzao huko Kalifonia. Walichukua watu 80 waliokuwa tayari na maumivu ya mikono, wakawagawa kwenye kibodi nne kwa miezi 6, moja ikiwa ya kawaida ya kulinganishia. Waliopewa Microsoft Natural walipata nafuu kuliko wa kibodi ya kawaida. Wa kibodi nyingine mbadala hawakuonyesha nafuu ya wazi hivyo. Nafuu yenyewe ilikuja polepole, kwa miezi, wala haikuwa ya kufuta maumivu yote. Anayenunua kibodi Jumatatu na kuitupa Ijumaa kwa sababu mkono bado unauma hajaijaribu.

Ila kibodi hizi zina sharti ambalo kasha halilisemi: uwe unajua kuchapa kwa vidole vyote bila kuangalia. Wengi wetu tulijifunza wenyewe, kwa vidole vinne au vitano vinavyoruka huku na huko, na mkono wa kulia huvuka mpaka kwenda kuchukua T au B. Kwenye kibodi iliyopasuliwa hakuna pa kuvukia. Kabla ya kutoa hela, chapa ukurasa mzima ukijichunguza. Kama mikono yako inavuka katikati mara kwa mara, utatumia wiki kadhaa kujifunza upya, ukiwa mwepesi wa kukasirika na mzito wa kazi, na huo si mwezi wa kufunga hesabu. Vilevile, mchapaji wa aina hii mikono yake haikai mahali pamoja, kwa hiyo mkunjo wake wa pembeni unaweza kuwa mdogo tangu mwanzo. Picha ya kutoka juu ndiyo itakayosema.

Anayechapa sana kwa Kiswahili anayo hali yake ya pekee. Herufi A ndiyo inayotawala lugha yetu. Andika tu "wanafunzi wanasoma" uhesabu: herufi 17, kati yake A ni 5. Na kwenye kibodi ya kawaida A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole kilekile kinachobeba Shift na Ctrl. Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaotumia kibodi za Kifaransa wana mzigo zaidi, maana kwao A iko mstari wa juu, kidole hichohicho kinapaswa kupanda kuifuata. Mwandishi au karani ambaye maumivu yake yako mkono wa kushoto, upande wa kidole cha mwisho, hapo ndipo pa kuanzia. Kibodi iliyopasuliwa itanyoosha kifundo, lakini haitapunguza hata A moja. Kinachopunguza kazi ya kidole hicho ni kutumia Shift na Ctrl za mkono wa pili, au kuwasha Sticky Keys, ambayo kwenye Windows huitikia ukibonyeza Shift mara tano mfululizo: baada ya hapo unabonyeza Ctrl na kuiachia, kisha herufi, badala ya kuzishikilia pamoja.

Ziko pia kibodi ghali ambazo vitufe vimepangwa kwa safu zilizonyooka na kazi nyingi zimehamishiwa kwenye gumba: nafasi, kufuta, kuingiza, hata Ctrl. Waandishi wa programu huziapia. Mimi nitakwambia hivi: kidole cha mwisho kinapumzika kweli, gumba halipumziki, na mwezi wa kwanza hutaweza kuandika barua pepe fupi bila kutukana. Zina maana kwa mtu ambaye tayari amejua mkunjo wake na kifaa cha kawaida kimemshinda.

Shemeji hakununua kibodi iliyopasuliwa. Mkunjo wake wa pembeni kwenye picha ulikuwa mdogo, na kazi yake ni tarakimu kuliko maneno. Alinunua kibodi fupi isiyo na tarakimu, na kisanduku cha tarakimu cha kujitegemea, kile kidogo cha waya. Akiingiza ankara, kisanduku kinakaa kulia karibu na mwili na kipanya kinasukumwa pembeni. Akimaliza, vinabadilishana nafasi. Mkono haunyooshwi tena. Baadaye, maumivu ya chini ya kiwiko yalipopungua lakini yakakataa kuisha, ndipo akachukua kipanya kilichosimama, saizi ndogo. Alianza nacho asubuhi tu, mchana akirudia cha zamani kwa mkono wa kushoto, vitufe vikiwa vimegeuzwa kwenye mipangilio. Siku za kawaida sasa zinapita bila dawa. Siku za kufunga mwezi mkono bado unamkumbusha, na hapo hakuna kifaa cha kulaumu, ni saa kumi na mbili mezani.

Kama una hela ya kitu kimoja tu, na picha zako zinafanana na zake, nunua kibodi fupi kabla ya kipanya. Zipo hata za mitumba, zinazotoka kwenye ofisi za Ulaya. Angalia tu mpangilio wa herufi kabla ya kulipa, maana nyingi ni za Kijerumani, na Z na Y utazikuta zimebadilishana mahali.